Shikamoo kwa Barua Pepe

Barua pepe ya kwanza niliyomwandikia mhadhiri wa Takwimu ilikuwa na maneno kama 600. Ilianza na salamu, ikasimulia figo za mama tangu zilipoanza kuchoka, ikalia kidogo, ikaomba radhi mara tano, na mwishowe nikasahau kuomba chochote. Jibu lilikuwa neno moja: "Pole."

Nimeshapoa. Lakini mama anasafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mashine peke yake inamshikilia kwa muda wa saa nne. Ongeza kupimwa uzito kabla na baada, ongeza kubana pamba kwenye matundu ya sindano mpaka damu ikatike, asubuhi imekwisha. Nami siwezi kumwacha apande daladala peke yake. Akitoka pale presha imeshuka, anapepesuka kama mtoto anayeanza kutembea.

Rasimu ya pili aliisahihisha mama mwenyewe, mwalimu mstaafu wa darasa la saba. Mkono wa kushoto umenyooshwa, una sindano mbili, ole wake aukunje. Wa kulia umeshika kalamu nyekundu. Nesi akamwambia apumzike. "Si ndiyo napumzika," akajibu, huku akiikata aya yangu nzima ya machozi. "Figo zangu atazifanyia nini? Mwambie unakosa vipindi vingapi na unataka nini."

Tukapiga hesabu. Somo liko Jumatatu na Alhamisi kwa wiki 15, jumla vipindi 30. Chuo kinadai mahudhurio ya asilimia 75, yaani vipindi 23. Mimi nina Alhamisi tu, 15. Napungukiwa 8. Nikaomba mawili: somo la Jumatatu lirekodiwe, na nikileta muhtasari wake wa ukurasa mmoja kabla ya Alhamisi, nihesabiwe nilikuwepo. Nikaambatisha ratiba yenye mhuri wa kliniki. Mistari tisa, basi.

Kilichotuchelewesha ni shikamoo. Mhadhiri amenizidi miaka minne tu, tena nahisi mitatu na nusu. Mama akasema barua isiyo na shikamoo haitoki kwenye kiti chake. Ikatoka nayo.

Jibu: "Marahaba. Nimekubali yote mawili."

Nikashangilia mapema. Rekodi ya kwanza ni sauti tupu, ya simu ya mwakilishi wa darasa, iliyowekwa jirani na mtu anayetafuna karanga. Mhadhiri yuko ubaoni: "Hiki tukikitoa hapa, tukakipeleka huku, mnaona?" Sioni. "Basi hiki na kile vinafutana." Kipi na kipi? Dakika 110 za hiki na kile, na muhtasari unadaiwa.

Sasa naandika barua ya tatu, kuomba ubao upigwe picha kabla haujafutwa. Mama amechomeka spika moja ya sikioni, ananisikilizia somo langu huku mashine ikizunguka. Ameinua kalamu.

"Huyu hakuandaa somo," anasema. "Hii ya leo, shikamoo itoe."