Supu ya Uniti 3,738

Barua ya kupinga ankara ya maji ya biashara huandikiwa mtu asiyeijua biashara yenyewe. Msomaji wake wa kwanza ni karani wa masijala, wa pili ni ofisa wa ankara, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba mwandishi ni mtu mwaminifu, kwamba ana watoto wanaosoma, au kwamba jana hakulala. Wanachoweza kukihakiki ni namba tatu: ya akaunti, ya dira, na ya usomaji. Barua isiyo na namba hizo husomwa kama shairi, na ofisi za maji hazina idara ya mashairi.

Mfano mzuri ni wa mgahawa mmoja mdogo wa kando ya stendi ya mabasi, katika mji mmoja wa Tanzania bara: meza sita, supu asubuhi, wali na maharage mchana, chapati muda wote. Kwa mwezi mgahawa huo hutumia uniti kama 23 za maji. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, na kwa urahisi wa hesabu bei ichukuliwe kuwa shilingi 2,000 kwa uniti. Mama mwenye mgahawa alikuwa amezoea kulipa shilingi 46,000 au karibu na hapo. Mwanzoni mwa Oktoba simu yake ikapokea ujumbe wenye tarakimu nyingi. Alizipita akidhani ni namba ya malipo, akaendelea kutafuta kiasi anachodaiwa. Namba ya malipo ilikuwa mstari wa chini. Zile za juu ndizo zilizokuwa deni: shilingi 7,476,000, kwa uniti 3,738.

Bwawa la kuogelea la michezo ya Olimpiki, lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 25 na kina cha mita 2, hujaa kwa uniti 2,500. Kwa mujibu wa ankara, basi, mgahawa ule ulikuwa umejaza bwawa zima na nusu, na supu ikapikwa humo.

Barua ya kwanza iliandikwa usiku huohuo na mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne na mwenye mwandiko unaosifiwa ukoo mzima. Ilianza kwa “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, kama zinavyoanza barua zote zinazojiheshimu, ikapita kwenye msiba wa mwaka juzi, bei ya mafuta ya kupikia na uchungu wa mjane, na kufika mwisho wa ukurasa wa tatu bila kutaja namba ya dira. Karani wa masijala aliigonga mhuri kwa heshima zote.

“Mwanangu, itajibiwa lini?”

“Mama, humu umeomba nini?”

Barua ikafunuliwa tena. Ilikuwa imeomba huruma. Huruma haina sehemu ya kujazwa kwenye kompyuta ya ankara.

Kazi yenyewe huanzia kwenye dira, ambayo watu wengi huiita mita. Ya mgahawa ilikuwa ndani ya kisanduku cha zege nyuma ya jiko, chini ya mfuniko uliokuwa ukitumika kuanikia masufuria. Mlikuwa na tope, mende, na chura mmoja aliyejiona ndiye mteja halali. Kioo kilipopanguswa, zikaonekana tarakimu za aina mbili. Nyeusi huhesabu uniti kamili, na hizo ndizo hutozwa. Nyekundu huhesabu sehemu za uniti: ya kwanza ni lita mia mia, inayofuata ni lita kumi kumi. Msoma dira husoma nyeusi na kuziacha nyekundu.

Ankara ilisema usomaji wa awali ni 389 na wa sasa, uliochukuliwa 28 Septemba, ni 4127. Tarehe 3 Oktoba, siku tano baadaye, tarakimu nyeusi zilisomeka 00416, na nyekundu ya kwanza ilikuwa 5. Hapo kesi ilikuwa imekwisha, ila mwenye mgahawa hakuwa amejua bado. Dira haiwezi kuwa 4127 mwishoni mwa Septemba halafu ikawa 416 mwanzoni mwa Oktoba, kwa kuwa maji yaliyokwisha kunywewa hayarudi bombani.

Kosa la aina hii lina alama yake. Tarakimu ya mwisho ya usomaji unaotiliwa shaka ikifutwa, 4127 inabaki 412. Ukitoa 389 zinabaki 23, yaani matumizi yaleyale ya kila mwezi. Msoma dira, pengine akiwa amechuchumaa huku chura akimtazama, alisoma nyeusi 412 na kuendelea hadi nyekundu ya kwanza, 7. Kama kufuta tarakimu hakuleti hesabu ya kawaida, chanzo hutafutwa kwingine: tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, usomaji ni wa kukadiria, au namba ya dira iliyo kwenye ankara ni ya jirani. Ndiyo maana namba iliyochongwa kwenye dira hulinganishwa na ya kwenye ankara kabla ya kalamu kushikwa. Kuna watu waliogombana na ofisi miezi mitatu wakitetea dira ya kiwanda cha matofali.

Jambo la pili hufanywa kwa sababu jibu la kwanza la ofisi linajulikana: “Angalia, huenda una bomba linalovuja.” Usiku, mabomba yote yalipofungwa na maji yakiwa bado yanatoka mtaani, kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota kilitazamwa kwa dakika kumi na tano. Kigurudumu hicho huzunguka hata kwa maji machache, hivyo kikizunguka wakati hakuna bomba lililo wazi, kuna mahali panapovuja. Hakikusogea. Mpwa alisogea, akaenda kulala.

Pia usomaji ulichukuliwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla jiko halijawashwa, kuanzia tarehe 3 hadi 10. Kutoka 416.5 dira ilifika 421.9: uniti 5.4 kwa siku saba, kama lita 770 kwa siku, au ndoo 38 za lita 20. Kwa siku 30 hiyo ni uniti 23 na ushei. Picha nazo zilipigwa, lakini si zote zilifaa. Ya kwanza ilionyesha dole gumba, ya pili ilimwonyesha chura vizuri sana. Picha inayofaa ni ile inayoonyesha tarakimu na namba ya dira kwa pamoja, kwa sababu tarakimu peke yake zinaweza kuwa za dira yoyote duniani.

Barua ya pili ilienea upande mmoja wa karatasi:

“YAH: KUOMBA MAREKEBISHO YA ANKARA YA SEPTEMBA, AKAUNTI NA. (…), DIRA NA. (…)

Ankara tajwa inaonyesha usomaji wa awali 389, usomaji wa sasa 4127 wa tarehe 28 Septemba, na matumizi ya uniti 3,738 yenye thamani ya Sh 7,476,000.

Tarehe 3 Oktoba dira hiyo ilisoma 416, na tarehe 10 Oktoba ilisoma 421 (picha zimeambatishwa). Kwa kuwa dira hairudi nyuma, usomaji wa 4127 si sahihi. Inaonekana tarakimu nyekundu ya kwanza ilijumuishwa, na usomaji sahihi ni 412. Matumizi sahihi ni 412 kutoa 389, yaani uniti 23, sawa na Sh 46,000.

Ninaomba: usomaji wa 28 Septemba urekebishwe kuwa 412 kwenye kumbukumbu zenu, ankara mpya itolewe, na huduma isisitishwe wakati suala hili likishughulikiwa. Kiasi kisichobishaniwa, Sh 46,000, kimelipwa na stakabadhi imeambatishwa. Niko tayari kumpokea ofisa atakayekuja kuhakiki dira.”

Chini yake ziliorodheshwa nyaraka: nakala ya ankara hiyo, ankara tatu za nyuma zenye matumizi ya kawaida, picha mbili, jedwali la siku saba, stakabadhi.

Mpwa alitaka iongezwe hesabu moja, na safari hii alikuwa na hoja. Kwenye uso wa dira ile ndogo ya bomba la nusu inchi pameandikwa Q3 2.5, maana yake imetengenezwa kupitisha uniti 2.5 kwa saa kwa mfululizo. Bomba likiachwa wazi usiku na mchana kwa siku 30, hizo ni uniti 1,800, chini ya nusu ya zinazodaiwa, na mtaa wenyewe hupata maji kwa mgao. Hesabu hiyo iliwekwa kwenye aya moja fupi. Sentensi yake ya kufungia, iliyouliza kama mamlaka inadhani mgahawa unamwagilia jangwa, ilikatwa. Kejeli ni tamu kwa anayeandika, lakini anayerekebisha ankara ni yuleyule anayekejeliwa.

Ombi la kurekebisha usomaji, na si jumla ya fedha tu, ndilo husahaulika zaidi, na ndilo lenye gharama. Ofisi ikifuta deni lakini ikaacha 4127 kwenye kumbukumbu, mwezi unaofuata msoma dira atakuta 435, na mfumo utaona namba imepungua. Mifumo mingine hugoma. Mingine hudhani dira ya tarakimu tano imefika 99999 na kuanza upya, hivyo inahesabu kutoka 4127 hadi mwisho wa namba, kisha kutoka sifuri hadi 435. Jawabu ni uniti 96,308, au shilingi 192,616,000. Kwa fedha hizo ni afadhali kununua stendi.

Barua hupelekwa nakala mbili. Moja hubaki masijala, ya pili hugongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi na mteja. Nakala hiyo ndiyo hutakiwa endapo mamlaka haijibu au jibu halitoshi na malalamiko yakapelekwa EWURA, ambayo hupokea shauri baada ya mteja kuanza kwa mtoa huduma wake. Anayeshuku kwamba dira yenyewe inadanganya huomba ipimwe, lakini hapa dira ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo.

Karani aliipokea barua ya pili, akaigeuza kuona kama ina ukurasa wa nyuma.

“Hii tu, mama?”

“Hii tu, mwanangu.”

Baada ya siku chache ofisa alifika, akafunua mfuniko, akaruka nyuma mara moja kwa sababu ya chura, akasoma tarakimu nyeusi kwa sauti na kupiga picha yake. Jibu la maandishi lilianza kwa “Husika na kichwa cha habari hapo juu”. Ankara ya Oktoba ilionyesha usomaji wa awali 412, wa sasa 435, uniti 23, na deni la nyuma sifuri.