Pole kwa Maji Mekundu

Gesti yangu iko Voi, upande wa barabara kuu ya Mombasa–Nairobi. Ina vyumba 9, mpishi mmoja, soja mmoja, na kijana wa mapokezi ambaye akiulizwa swali hulitazama kwanza kabla ya kulijibu. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa na maoni 14 kwenye Google Maps na wastani wa nyota 4.5. Nilikuwa nikiutazama wastani huo kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Kisha mgeni wa chumba namba 3, mama mmoja, akaniachia nyota moja na maneno haya: “Maji ya rangi ya tofali. Chai ilichukua dakika 40. Malori usiku kucha. Chapati ya jana. Nilipolalamika niliambiwa hayo ndiyo maji ya Voi.”

Niliyasoma saa 5 usiku, na kufika saa 6 nilikuwa nimemjibu. Sikumbuki nikiketi wala kuvaa miwani, ila jibu lilikuwa refu kuliko hotuba ya harusi. Nilianza na historia ya bomba la Mzima, lililoanza kupeleka maji ya chemchemi zetu Mombasa miaka ya 1950 huku sisi wenyewe tukibaki na mgao. Nikaingia kwenye udongo. Nilimweleza kwamba ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa udongo huo huo, na kwamba watu hupanda ndege kutoka Ulaya waje kuutazama mgongoni mwa ndovu, ilhali yeye ameletewa bafuni bila malipo ya ziada. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili kwa sauti. Bado naiona nzuri.

Nilikosea zaidi niliposhuka aya ya nne. Nilimkumbusha kwamba aliingia saa 4 usiku akiwa na mtu aliyemwita binamu, kwamba kitabu cha wageni kina majina mawili yasiyofanana hata herufi, na kwamba mtu mwenye binamu wa namba hiyo hana muda wa kupima chai kwa saa. Nikabonyeza. Nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Saa 12 asubuhi binti yangu akapiga simu kutoka Nairobi.

“Baba, umeamka?”

“Nimeamka.”

“Umeingia mtandaoni?”

“Bado.”

“Basi ingia ufute.”

Jibu la mwenye biashara hukaa chini ya maoni ya mgeni na hulisoma kila apitaye. Mwenyewe unaweza kulibadilisha au kulifuta wakati wowote. Maoni ya mgeni huwezi kuyagusa. Utayaripoti tu kama yamevunja masharti, kwa mfano matusi au uongo wa mtu ambaye hakukanyaga kwako, na chapati baridi haimo kwenye orodha hiyo. Nilifuta, nikidhani mambo yamekwisha. Binti akanieleza kwamba ukimjibu mgeni, yeye hupelekewa taarifa, kwa hiyo huenda yule mama ameshasoma habari za binamu akiwa kitandani. Halafu akanitajia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuanika picha ya mteja bila ridhaa yake. Chumba changu ni shilingi 1,200. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya gesi: vyumba vyote 9 vijae kila usiku kwa zaidi ya siku 170, na nisile, nisinunue sabuni.

Nikapanda matatu kwenda Wundanyi kwa shangazi.

Shangazi yangu alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka mingi, na mpaka leo hasomi kitu bila kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika jibu la pili njiani, kwenye kona za kupandia kutoka Mwatate, nikalihamishia kwenye karatasi nilipofika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavuta kiti hadi mlangoni penye mwanga. Jibu lilianza hivi: “Mpendwa mteja, pole kwa maji mekundu. Samahani kama ulikwazika, lakini…”

Hakuendelea. Alizungushia duara neno la tatu.

“Mwanangu, ukimkanyaga mtu mguu unamwambiaje?”

“Pole.”

“Pole ni ya mtu aliyekanyagwa na mwingine. Ukikanyaga wewe, unaomba radhi.”

Nilikaa na hilo muda mrefu, maana ni kweli tunaitumia pole kama kanga: inafunika kila kitu. Mgonjwa tunampa pole, mfiwa pole, aliyetoka safari pole. Ni neno jema, ila linamwona msemaji kama jirani aliyepita akakuta mambo yameharibika. Mimi si jirani wa tenki langu. Kisha akazungushia “kama”. Nikisema samahani kama ulikwazika, nimemrudishia mgeni kazi ya kuthibitisha kwamba alikwazika, na yeye ameshathibitisha kwa nyota. Akashuka kwenye “chai ilichelewa”, akauliza ilichelewa na nani, ilikuwa imeenda wapi. Akaandika pembeni: tulikuchelewesha. Mwisho akahesabu “lakini” zilizomo. Zilikuwa 11. Akaniambia nizitoe zote nione kitabaki nini.

Ilibaki “Mpendwa mteja” na jina langu.

“Sasa,” akasema, “nenda kaulize kilichotokea. Huwezi kumjibu mtu jambo usilolijua.”

Hili ndilo lililoniuma, kwa sababu katika maandishi yote yale sikuwa nimemwuliza mtu yeyote. Nilirudi Voi jioni nikaanza na tenki. Ni la lita 5,000, na maji yetu huja kwa mgao, kwa hiyo siku ya tatu au ya nne hushuka karibu na sakafu. Fundi alipanda, akachungulia, akacheka vibaya. Tope lilikuwa limekaribia mdomo wa bomba la kutolea. Tenki likijaa, bomba huvuta maji safi yaliyo juu ya tope. Likipungua, huvuta uji. Mgeni wa chumba namba 3 aliingia siku ya nne. Mzima haikuhusika, wala ndovu. Tenki lilikuwa halijaoshwa tangu siku nisiyopenda kuitaja.

Jikoni mpishi alisema chai ilichukua dakika 15. Soja, aliyekuwa akingoja kikombe chake foleni hiyo hiyo, alisema 50. Gesi ilikuwa imeisha na kijana alitumwa mkaa. Nilielewa hapo kwa nini hakuna faida ya kugombania dakika: nikiandika si 40 bali 25, nimekiri kosa na nimejionyesha bahili kwa pamoja. Kuhusu maneno ya mapokezi, kijana alilitazama swali langu, akasema ndiyo, aliyasema, na akaniuliza kama maji ya Voi ni ya wapi kwingine.

Chapati ndiyo ilikuwa kesi ngumu, maana haikuwa ya jana. Hupikwa saa 11 alfajiri, nami huwa naziona. Hapa mkono uliwasha kuandika “si kweli”. Nilimpigia shangazi. Akasema sema unachofanya, usiseme anachosema yeye. Chapati iliyopikwa saa 11 ikaliwa saa 4 asubuhi, kwa mlaji ni ya jana tu.

Kuhusu malori sikuwa na la kutengeneza. Barabara hiyo ndiyo inayotoka bandarini. Hata hivyo vyumba 1 hadi 5 hutazama barabara, na 6 hadi 9 viko nyuma penye mwarobaini na mbwa mmoja mzee asiyebweka. Yule mama ameshalala na kuondoka. Hatafaidika kwa kujua hilo. Anayefaidika ni mtu aliyeko kwenye treni saa hii, simu mkononi, akitafuta pa kushukia Voi. Nilipoanza kumwandikia huyo, hasira ilikosa pa kukaa, kwa kuwa yeye hajanikosea kitu.

Baada ya siku tatu nikaweka hili:

“Asante kwa kutuandikia. Maji yalikuwa mekundu kwa sababu tulichelewa kuosha tenki. Tumeliosha Jumanne, na tutakuwa tunaliosha kila mwezi. Chai tulikuchelewesha, na jibu ulilopewa mapokezi halikufaa. Tunakuomba radhi kwa yote mawili. Chapati tunapika alfajiri, na yako ilikufikia ikiwa baridi. Sasa tunazipasha moto. Malori hatuwezi kuyazuia: vyumba 1–5 vinatazama barabara, 6–9 viko nyuma na vina utulivu. Mgeni aombe anapopiga simu. Mwenye gesti.”

Binti alitaka kujua kama kweli sikumtaja binamu. Kijana wa mapokezi alitaka kujua kwa nini nimemtaja yeye. Nilifikiria kumwahidi mgeni usiku mmoja wa bure abadilishe nyota. Binti akasema Google haikubali kununua nyota, na hata ingekubali, kila msafiri wa Tsavo angejua bei yangu.

Nyota haikubadilika. Wiki mbili baadaye, hata hivyo, mwanamume mmoja alishuka treni na mkoba mdogo akasema, “Nipe cha nyuma, kile cha mbwa mzee.” Mbwa sikuwa nimemwandika popote. Nilipomwuliza, akasema amelala hapa zamani, na mtandaoni hajawahi kuingia. Nikampa namba 8.

Ningeishia hapo kama shemeji yangu asingekuwa mtu wa msaada. Nyota ile moja ilikuwa imenishusha hadi 4.3, naye kwa uchungu wa ukoo akaniwekea nyota 5 bila kuniambia. Ukifanya hesabu, 69 gawa kwa 16 bado inasomeka 4.3, kwa hiyo hakunipandisha hata nukta. Aliandika: “Hoteli bora Afrika Mashariki. Vyakula vyote. Bwawa la kuogelea safi sana.”

Jumamosi iliyopita iliingia familia ya watu sita kutoka Machakos. Watoto wanne walishuka garini wakiwa tayari wamevaa nguo za kuogelea, mdogo wao ana boya la bata kiunoni. Walizunguka nyumba mara mbili. Kijana wa mapokezi, alipoulizwa bwawa liko wapi, alilitazama swali, akawapeleka kwenye tenki.

Nyota moja: “Hakuna bwawa. Mwanangu alilia hadi Mtito Andei.”

Shemeji amefuta yake, tena kwa kununa. Mimi nimekaa hapa tangu saa 2 usiku na karatasi. Nimeshaandika, “Tunakuomba radhi. Bwawa hatuna, na hatujawahi kuwa nalo.” Shangazi nimemsomea kwa simu, akazikubali sentensi zote mbili. Ninachobishana naye ni sentensi ya tatu, inayosema kwamba tenki, walau, lilikuwa safi.