Sifa za Pointi Maradufu

Washairi wa pwani yetu wameusifu mnazi tangu mizizi hadi makuti, wala hakuna anayewalaumu. Ninachoshangaa ni kwamba hadi leo hajatokea mtu wa kuusifu ule ujumbe wa simu unaoingia Alhamisi jioni, wakati ambapo karibu tusahau kuwa duniani kuna supamaketi: "Mpendwa mteja, wikendi hii ni POINTI MARADUFU! Nunua zaidi, jipatie zaidi. Vigezo na masharti kuzingatiwa." Deni hilo la fasihi nimeamua kulilipa mwenyewe.

Sifa ndogondogo nitazipita mbio. Ujumbe huu una adabu, kwani hakuna mtu mwingine mjini Mombasa aliyewahi kuniita mpendwa kwa maandishi. Una kumbukumbu, kwani Idi iliyopita ndugu zangu wengine walinisahau, nao ulinikumbuka asubuhi na jioni. Una huruma pia: uliwahi kuniamsha katika usingizi wa mchana ili nisije nikalala ofa ikanipita.

Lakini sifa yake kuu, ambayo kwayo ningeomba ujengewe mnara pale kwenye mzunguko wa barabara, ni ualimu. Ujumbe huu unafundisha hesabu. Wizara imebadilisha mitaala tangu tukiwa wadogo na bado watoto wetu wanaogopa kugawanya; ujumbe wa pointi humfundisha mama wa miaka sitini kugawanya, kutoa, kuzidisha na kutafuta asilimia, yote akiwa amesimama kwenye foleni na mafuta ya kupikia mkononi. Wala hautozi karo.

Nichukue mfano wa jirani yangu, mama mtu mzima asiyependa mzaha na senti zake. Alikwenda Jumamosi ya pointi maradufu, akanunua mahitaji ya nyumba, risiti ikafika shilingi 5,260. Kanuni ya kadi ni nyepesi: kila shilingi 100 ni pointi moja, na kila pointi ni shilingi moja siku ya kuikomboa. Akapiga hesabu kichwani njia nzima: pointi 52, mara mbili ni 104. Alifika nyumbani na furaha ya mtu aliyepokea zawadi ya shilingi 104.

Somo la kwanza, kutoa. Masharti yanasema pointi hazipatikani kwa unga, sukari, mafuta ya kupikia, maziwa, gesi wala muda wa maongezi. Yaani vile vitu vinavyompeleka mtu dukani ndivyo visivyohesabiwa. Kwenye risiti yake vilikula shilingi 3,410. Zikabaki 1,850. Ndani ya hizo kulikuwa na sabuni ya unga ya shilingi 390 yenye kibandiko chekundu cha ofa, na bidhaa ya ofa haipati pointi, kwa kuwa mtu hawezi kufurahishwa mara mbili kwa sabuni moja. Zikabaki 1,460.

Somo la pili, kugawanya na kupata mabaki. Ukigawanya 1,460 kwa 100 unapata 14, na shilingi 60 zinabaki. Mwalimu wangu wa darasa la nne alitutaka tuyaandike mabaki pembeni. Mashine ya kaunta ina akili kuliko yeye: inayatupa. Hayahamii kwenye risiti ya wiki ijayo, na ukiligawa kapu lako katika risiti mbili unaweza kutupiwa mabaki mara mbili.

Somo la tatu, kuzidisha. Kumi na nne mara mbili ni 28. Kwa hiyo, katika shilingi 5,260, sherehe yote ile, mabango na muziki wa mlangoni, vilimletea shilingi 28. Hiyo ni nusu shilingi hivi kwa kila mia. Tuktuk ya kumrudisha na mizigo ilimla shilingi 100. Somo la asilimia lilimwingia barabara.

Na bado kuna somo la juu zaidi, la kalenda, ambalo sijui chuo kikuu gani kinalitoa. Zile 28 si ndugu wa tumbo moja. Kumi na nne ni pointi za kawaida, ambazo huingia papo hapo na huishi hadi tarehe 31 Desemba. Kumi na nne za pili ni bonasi. Bonasi huingia baada ya siku 14, duka lisije likazitoa kisha mteja akarudisha bidhaa. Sasa, maisha yake ni siku 30, na siku hizo huhesabiwa tangu siku ya kununua, si tangu siku ya kuingia. Kwa hiyo bonasi inapofungua macho tayari imeshaishi karibu nusu ya umri wake. Imebakiwa na siku 16. Na katika siku hizo 16 huwezi kuitumia peke yake, kwa kuwa kiwango cha chini cha kukomboa ni pointi 500.

Mia tano! Kwa kiwango cha kawaida hizo ni shilingi 50,000 za bidhaa zinazohesabiwa, acha unga, acha sukari, acha gesi. Jirani yangu alichukua kadi mwezi Juni. Akawa mwaminifu kila wiki, akipata zake 14 hivi za kawaida, huku bonasi zikizaliwa na kufa bila yeye kuzigusa. Mwisho wa Desemba alikuwa na pointi 420. Mwanzo wa Januari alikwenda na mtungi wa mafuta, akaweka kadi kaunta. Keshia akageuza kioo kidogo cha mashine ili aone mwenyewe: sifuri.

"Mwanangu, zangu ziko wapi?"

"Zimeisha mwaka, mama. Lakini wikendi hii tuna maradufu."

Sifa naziweka kando kidogo, niseme na nyinyi wenye supamaketi. Huyu ni mtu aliyelipita duka la mtaani kwake, ambako hukopeshwa na kuulizwa hali ya wajukuu, akaenda mbali kwa ajili ya pointi mlizomwahidi. Mliandika "jipatie" kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa, mkaandika tarehe ya kufutwa mahali ambapo pangehitaji darubini. Wiki tatu kabla ya kuzifuta zile 420 mlimtumia ujumbe wa maradufu mara mbili, na hakuna hata mmoja uliosema: mama, una 420, ukifikisha 500 kabla ya tarehe 31 utazitumia, usipofikisha tutazichukua. Mashine ilijua salio lake. Ilijua na jina lake.

Narudi kwenye sifa, maana hasira haisomeki vizuri kwenye tenzi. Lakini nimeshaanza kuona kwamba ujumbe wenyewe nauonea. Ni mtumwa tu, ametumwa. Wanaoutuma wana mwalimu wao wa hesabu, naye ni mhasibu.

Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 15, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, inasema wazi jambo ambalo bango la mlangoni halilisemi: pointi ni deni. Mteja anapolipa shilingi 100 na kupewa pointi moja, duka haliruhusiwi kuziandika zote 100 kuwa mauzo siku hiyo. Sehemu kidogo hutengwa, kwa sababu mteja ameshailipia bidhaa ambayo bado hajaichukua. Tena wanaruhusiwa kukadiria mapema ni pointi ngapi hazitakombolewa kamwe. Wakitazamia kuwa katika kila kumi zitarudi saba, hutenga senti 70 hivi badala ya shilingi nzima. Pointi ikikombolewa, deni limelipwa kwa bidhaa. Ikifutwa, deni limekwisha na fedha huhesabiwa mapato. Kwa hiyo zile 420 hazikupotea hata kidogo. Zilihamia upande wa pili wa daftari.

Hapo ndipo mtu anapofahamu kwa nini hawapunguzi bei tu. Wangepunguza shilingi moja katika kila mia, kila anayeingia angeipata, hata mpita njia, na ingekuwa imetoka leo leo. Pointi huwatoka tu kwa yule anayerudi, anayekumbuka, anayefikisha 500 na anayewahi tarehe. Na kwa bei hiyohiyo wanapata jina lako, namba ya simu na orodha ya kila unachokula. (Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba uonyeshwe walicho nacho juu yako. Jaribu siku moja kuiomba orodha hiyo kaunta, uone sura ya meneja.)

Wala tusidhani kwamba tarehe ya kufuta imeshuka kutoka mbinguni. Pointi za Bonga za Safaricom, ambazo hupatikana moja kwa kila shilingi 10 unazotumia kwenye simu, zilikaa miaka bila kufutwa. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza kuwa zilizozidi miaka mitatu zingeanza kufutwa Januari 2023. Wakenya wakapiga kelele, na mpango ule ukasitishwa. Tarehe iliwekwa na watu, na watu wakaisogeza. Lakini hata pointi isiyo na tarehe hufa pamoja na duka lililoitoa: Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018 na wadai kukubali ifungwe miaka miwili baadaye, wenye kadi zake walibaki na kipande cha plastiki.

Kwa hiyo ewe msomaji mwenye kadi, tazama chini kabisa ya risiti, pale penye maandishi ya kijivu. Panatakiwa pawe na salio, pointi za leo, na zinazokaribia kufutwa pamoja na tarehe. Kama hakuna mstari wa tarehe, muulize keshia kabla hujalipa. Ukikomboa, uliza pia mashine inaanza kukata zipi: zinazokufa mapema au zile za kawaida. Ikianza na za kawaida, bonasi zako zitakufa ukiwa umesimama palepale na kadi mkononi. Na usingoje Desemba.

Nanyi mnaotuma ujumbe, sitaki mnara tena. Nataka ujumbe wa Alhamisi uwe na mambo matatu: salio la mtu, vitu visivyohesabiwa, na tarehe ya kufuta. Nafasi isipotosha, ondoeni "mpendwa".