Kabati la Zawadi Halikosolewi

Mtu wa Tunduma anaruhusiwa kulalamikia foleni ya malori ya mpakani mpaka sauti imkauke. Zawadi ya shemeji, hapana. Shemeji yangu alituletea kabati la jikoni tulipohamia nyumba mpya, jeupe linang'aa, lina tundu la sinki na milango miwili, na tangu hapo kila akija nalazimika kulisifia. Sasa kabati limeumuka miguuni kama andazi, mlango mmoja unaning'inia kwa bawaba ya juu peke yake, na mimi bado nasifia.

Duka lililomuuzia lilimwambia ni "mbao ya kisasa". Nilichungulia kwenye tundu la bomba, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kufunika, nikakuta chembe za maranda zilizoshikanishwa kwa gundi. Chipubodi. Ule utando mweupe wa juu hauna ugomvi na maji, mwagia hata mchuzi na ufute. Maji yanapita ukingoni, na ukingo wa chini wa kabati letu ulikuwa mtupu, umekaa moja kwa moja sakafuni.

Na sakafu za huku mnazijua. Kuanzia Novemba hadi Aprili kila mgeni anaingia na matope yake, kwa hiyo jiko linadekiwa asubuhi na jioni. Maji ya bomba kwetu hayatoki kila siku, basi pembeni ya kabati kuna pipa, na kila anayechota anamwaga kidogo. Kabati linasimama kwenye unyevu mwaka mzima, halafu watu wanashangaa.

Nilimpelekea malalamiko fundi mmoja wa Mpemba (Mpemba yetu hii ya njia panda ya Ileje, msije mkaenda kumtafuta Zanzibar). Hakunipa pole. Alichukua vipande vya aina nne za bodi, vyote vya milimita 18, akakata pengo kwenye kipande cha mbao ili kila kimoja kipite humo kwa kubana kidogo. Kisha akavisimamisha kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, tukaviacha vilale humo.

Asubuhi chipubodi haikuingia kwenye pengo kabisa. Sehemu iliyokuwa majini ilikuwa imefura, na ukiifikicha kwa kidole inamomonyoka. Fundi aliieleza hivi: kiwandani zile chembe zimekandamizwa kwa nguvu na joto zikiwa zimepakwa gundi, zikanyamaza kwa kulazimishwa. Maji yakizifikia zinafura na kurudi kwenye unene wake wa zamani, na gundi inaachia. Ndiyo maana hata ukiianika juani wiki nzima hairudi ilivyokuwa. Mke wangu alikuwa ameanza kuweka jiko la mkaa karibu na kabati ili likauke. Nilimwambia aache, mkaa ni ghali.

Emdiefu, ambayo ni nyuzi za mti zilizosagwa laini kabisa na kukandamizwa, nayo iligoma kupita, ila yenyewe ilivimba kwa adabu, mdomo mnene usio na makunyanzi. Iko emdiefu yenye rangi ya kijani kwa ndani, inayovumilia unyevunyevu wa hewa zaidi. Muuzaji atakuapia kwamba haiingii maji. Ile rangi ni alama tu ya kuitambua, na ukiisimamisha kwenye dimbwi nayo itavimba, japo kwa kuchelewa.

Blokibodi ilinishangaza. Katikati yake kuna vijiti vya mbao halisi vilivyopangwa sambamba, juu na chini pamebandikwa karatasi za mti. Vijiti vilivumilia, lakini ile ngozi iliinuka na kufanya mawimbi. Plaiwudi zilikuwa mbili. Ya kwanza, yenye gundi nyeupe ya matumizi ya ndani, tabaka zake zilianza kuachana ukingoni. Ya pili, ambayo mistari yake ya gundi ni kahawia iliyokoza, ilipita kwenye pengo kwa kusukumwa tu, na ilipokauka ikapita kama zamani. Mikoa yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini ina bahati: misonobari na mikaratusi ya Sao Hill iko Mufindi, na viwanda vya plaiwudi viko Mafinga, barabara hiihii ya Dar es Salaam. Halafu sisi tunanunua kabati la maranda kwa sababu linang'aa.

Tukaja kwenye skrubu, ambako ndiko mlango wangu ulikofia. Bawaba hizi za kisasa za kikombe zinachimbiwa tundu la milimita 35, kisha zinashikwa na skrubu fupi za milimita 16 hivi. Kwenye chipubodi hiyo skrubu inashika chembe, na chembe haina mshipa wa kuing'ang'ania. Ukikaza kupita kiasi unasikia mlio mdogo, kisha bisibisi inazunguka bure. Ukifungua na kufunga mara kadhaa tundu linakuwa unga. Mtoto akiegemea mlango, kazi imekwisha. Dawa yake ni kupanua tundu, kugongea kijiti cha mbao kilichopakwa gundi, kuacha kikauke, kisha kutoboa upya katikati ya kijiti. Si kujaza njiti za kiberiti, kama alivyofanya jirani yangu mwenye ushauri wa kila kitu.

Emdiefu inashika skrubu vizuri usoni, lakini ukiiingiza ukingoni bila kutoboa kwanza inapasuka katikati. Fundi hutoboa milimita 3 kwa skrubu ya milimita 4, na hakaribii kona. Plaiwudi usoni ndiyo inayoshika kuliko zote, kwa kuwa tabaka zake zimepishana na uzi wa skrubu unakamata nyuzi za pande zote. Ukingoni nayo inataka kutobolewa kwanza. Blokibodi ni bahati nasibu kidogo. Skrubu ikiingia ubavuni mwa kijiti inashika kama kwenye mbao ya kawaida. Ikiangukia kwenye mwanya kati ya vijiti, au ikiingia kwenye ncha zake, imekushika kwa hisani tu. Tazama ukingo uliokatwa: ukiona vijiraba vimejipanga, hizo ndizo ncha, usifunge bawaba huko. Na rafu ikatwe vijiti vikifuata urefu wake, la sivyo itapinda kwa uzito wa sufuria.

Basi mimi na fundi tumekubaliana hivi kuhusu kabati jipya. Chini ya sinki, pande na sakafu ya kabati, ni plaiwudi ya gundi ya kahawia iliyokoza, kingo zote zipakwe rangi ya mafuta kabla ya kuunganishwa, hasa lile tundu la bomba. Kabati litasimama kwenye miguu ya plastiki ya sentimita 10, watu wadeki wanavyotaka. Rafu ni blokibodi. Milango ni emdiefu, kwa sababu hakuna bodi inayopokea rangi vizuri kama hiyo na milango haikai majini. Chipubodi sikuitukana: kwa kabati la nguo chumbani, pakavu, lisilohamishwa kila mwaka, inatosha na inaokoa hela. Wapangaji wanaofungua na kufunga kabati kila kodi ikipanda, waikwepe.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua, usiangalie uso wa bodi. Mwombe muuzaji kipande cha kukata, kitie majini kilale, ukitazame ukingo asubuhi. Akikunyima kipande, nenda duka la jirani yake.