Heko, Mgongo Usiosomeka

Wenye kusifu nakshi za dhahabu na waendelee. Mimi nausifu mgongo wa kitabu uliobabuka, ule ambao kwenye picha ya kabati huonekana kama gamba la mti.

Picha niliyo nayo ni ya kabati la bwana shamba mstaafu, hapa Uyole, iliyopigwa kwa simu. Familia yake inataka orodha: vitabu gani, vya nani. Migongo mizima haina haya; inajitaja yenyewe hata kabla hujavaa miwani. Uliochakaa hukukalisha chini.

Tazama wa nane kutoka kushoto, rafu ya juu. Mwandishi anasomeka: Shaaban Robert. Jina la kitabu limebaki KU mwanzoni na IKA mwishoni, katikati pameliwa na mende. Mwenye haraka ataandika Kusadikika na kusonga mbele. Lakini Shaaban Robert huyo huyo ameandika pia Kufikirika. Hesabu herufi: kumi huku, kumi kule, na ya sita ni I kote kuwili. Majina hayo yanatofautiana kwenye herufi ya tatu, ya nne, ya tano na ya saba tu, na zote zimo mlemle mende walimokula. Mende hawa walikuwa wasomi. Basi nimeandika: 8. KU[...]IKA, Shaaban Robert; Kusadikika au Kufikirika. Ndani ya mabano sijazi kitu.

Kilichoinama nacho kina hisani zake, ila hakistahili alama hiyohiyo. Nimekiandikia “kimeinama”, kwa kuwa tiba yake ni picha nyingine: simu iwe mkabala na rafu, kimo kilekile, mwanga utoke dirishani ubavuni, tochi ya simu izimwe isije ikang'aza jalada. Kilichochakaa hakitasomeka hata ukipige picha mpaka jioni. Sharti kitolewe, kifunguliwe ukurasa wa jina. Ukiviandika vyote “havisomeki”, utamtuma mtu kupanda kiti na kuvuta vitabu ambavyo picha moja ingevimaliza.

Wafalme wa ukaidi, hata hivyo, ni vijitabu vya kilimo cha maharage, vyembamba, vilivyobanwa kwa pini. Hivyo havina hata mgongo wa kuandikwa jina! Nimevihesabu kwa kingo zake: 12 hadi 17, bila maandishi. Kishawishi cha kuviruka ni kikubwa, lakini ukiviruka, kitabu cha kumi na nane kitaitwa cha kumi na mbili, na atakayefuata orodha yako hadi kabatini atavuta kijitabu cha maharage akidhani ni kamusi.

Maana cha kumi na nane ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, mgongo mpana, herufi nzima, umesomeka papo hapo. Huo sina la kuusifia.