Punda Aliyegeuka Sanduku

Jumatatu
Mwalimu mkuu ametaka kila darasa liandae mchezo wa Ijumaa. Darasa la Nne watafumbua hadithi iliyoandikwa kwa emoji tupu, bila neno hata moja. Nimechagua kisa cha kima na papa, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870. Safu ya kwanza: 🐒🌳🤝🦈🌊. Emoji ya mkuyu sikuiona. Mti ni mti.

Jumanne
Safu ya pili: papa amembeba kima mgongoni, na katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Nikaandika 🤴🤒💊❤️ na kumwonyesha mtoto wa jirani. "Sultani anaumwa mapenzi," akasema. Nimeondoa ❤️, nikaweka 🫀, moyo wenye mishipa. "Maini," akasema. Angalau tumeingia tumboni.

Jumatano
Safu ya tatu ni 🐒🫀🌳: kima anadai moyo ameuacha mtini, anarudishwa pwani, anapanda juu. Wengi hudhani kisa kimeishia hapo. Kumbe papa anapomwita ashuke, kima anamuuliza kama anamfanya yeye punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio, aliyemponyoka simba kisha akarudi mwenyewe kuliwa. Huo ndio mwisho wa kuwashtua watoto, nitaufunika kwa gazeti: 🐒🗣️🫏🚫🫀🚫👂.

Alhamisi
Nimepeleka kazi steshenari, nikaipokea imekunjwa na kufungwa kwa mpira. Nimeikunjua nyumbani, duka limeshafungwa. Punda ni kisanduku ▯. Moyo nao kisanduku. Kinachosafiri kwenye faili ni namba ya emoji; picha huchorwa na kompyuta inayoipokea, na isipokuwa nayo huchora kisanduku. Moyo huu uliingia kwenye orodha ya emoji mwaka 2020, punda mwaka 2022. Kompyuta ya steshenari inaonekana ilishastaafu kabla yao. Papa wetu 🦈 wa mwaka 2016, ambaye ni mkongwe kidogo, ametoka salama, ila wino umemfanya afanane na perege.

Ijumaa
Mchezo umefanyika. Safu ya pili, mkono ukanyooka: "Dawa ya sultani imo sandukuni, Mwalimu." Safu ya tatu: "Kima kalificha sanduku mtini." Hakuna aliyebisha. Nikavuta gazeti.

🐒🗣️▯🚫▯🚫👂

Kimya, kisha binti wa dawati la nyuma akasimama. "Kima anamwambia papa: sanduku lenyewe halina kitu, na wewe husikii." Darasa likalipuka kwa makofi. Nikawasimulia habari za punda. Wakasikiliza kwa adabu, wakasema ya sanduku ni tamu zaidi.

Mwalimu mkuu, aliyekuwa dirishani, ameagiza Darasa la Tano nao wachapiwe pale pale.