Kidole Changu na Askari wa Kunde

Kidole changu cha shahada kilivimba Jumamosi saa moja asubuhi, na kufikia saa mbili mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Si kwamba nilipiga kelele. Nilipiga kidogo tu. Lakini huku kwetu Tanga ua ni wa makuti, na makuti hayajawahi kuzuia sauti ya mtu mzima anayemwita mama yake.

Chanzo ni matuta sita ya kunde na mistari miwili ya nyanya. Nilikabidhiwa na mama watoto siku nilipostaafu, kwa maelezo kwamba hawezi kuishi na mwanamume anayeshinda barazani akihesabu bodaboda. Nikapokea. Nikamwagilia, nikapalilia, nikaanza hata kuwatazama wenzangu wa barazani kwa jicho la mkulima. Kisha kunde zikaanza kunifanyia mchezo. Ganda kwa nje limenona, ukilipasua punje ndani zimekunjamana kama uso wa mtu aliyekutana na anayemdai. Nyanya nazo zikatoka madoa meupemeupe, na ukimenya ngozi unakuta nyama ya chini yake imekuwa ngumu, kama sponji kavu.

Nikamwita jirani yangu, ambaye sote tunamwita Bwana Shamba ingawa alistaafu kabla hata sijaota mvi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akapiga goti, akageuza jani moja tu.

"Bwana mdogo," akaniambia (nina miaka 61), "umewafungulia hoteli."

Chini ya jani palikuwa na mayai kama sitini, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na manjano, kila yai umbo la pipa, yamebanana safu kwa safu kama shehena bandarini. Jani la pili lilikuwa na mama yao: kijani kitupu, urefu wa sentimita moja na nusu hivi, mabega mapana, mgongoni pembetatu kubwa kama ngao. Vitabuni anaitwa Nezara. Mtaani tunamwita mdudu kunuka, na jina la mtaani linatosha. Hatafuni kitu. Anachomeka mrija wake kwenye ganda changa hadi kwenye punje, anatema mate, anafyonza. Ndiyo maana ganda linabaki na sura nzuri huku ndani hamna kitu. Nimefanya kazi ofisini miaka thelathini. Hali hiyo naijua.

Dawa niliyofundishwa haikuwa ya chupa. Amka mapema jua halijapanda, wakati wadudu bado wamepoa na ni wazito kuruka. Shika beseni lenye maji na sabuni, liweke chini ya shina, kisha gonga shina kwa mkono. Mdudu kunuka akishtuka ana tabia ya kujiangusha. Kwenye nyasi tabia hiyo humwokoa, kwenye beseni humzamisha. Mayai unayaponda pamoja na jani, isipokuwa yaliyogeuka meusi. Hayo, alisema Bwana Shamba, usiyaguse, maana kuna nyigu mdogo kuliko kichwa cha pini ambaye ametaga wake ndani, na badala ya wadudu kunuka sitini watatoka nyigu sitini wa kukusaidia. Mayai mazima karibu na kuanguliwa huelekea uwaridi, hayawi meusi, kwa hiyo hata mimi na miwani yangu ya zamani naweza kuyatofautisha.

Wiki mbili nikafanya hivyo. Wale waliogoma kuanguka nikawa nawachukua kwa vidole, kwa sababu nilishauliza: huyu anang'ata? Nikajibiwa hang'ati. Mdomo wake ni mwembamba na mrefu, umelala tumboni katikati ya miguu kama mrija uliokunjwa, kazi yake ni majimaji ya mimea. Silaha yake ni harufu tu. Mkubwa anaitoa kwenye vitundu viwili chini ya kifua, karibu na miguu, na mtoto anaitoa mgongoni. Na harufu yenyewe, naomba mama watoto asisome hapa, ni ya kotmiri. Sisemi inafanana kwa mbali. Kemikali za mdudu huyu na zile za jani la kotmiri ni za ukoo mmoja. Tangu niliposikia hivyo, kachumbari naiangalia tu. Wenzetu wa Malawi na Zimbabwe wana ndugu yake mmoja wanayemkamua harufu kwa maji moto kisha wanamla na kumsifia. Nawaheshimu. Ila wasinialike.

Sasa turudi Jumamosi. Mtu akishika wadudu wiki mbili bila kudhurika anaota kiburi. Kwenye ncha ya mkunde nikamwona mmoja mwekundu mwenye mabaka meusi. Nikagonga shina, hakuanguka. Nikagonga tena, akageuza kichwa akaniangalia. Mdudu anayekuangalia ni onyo tosha, lakini mimi nikapeleka vidole viwili nikambana.

Nyigu ananijua, siafu ananijua, hata tandu tumewahi kukutana. Huyu alikuwa kama nyigu aliyenichoma, akaondoka, kisha akarudi kuchukua risiti. Maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Hapo ndipo makuti yaliposhindwa kazi.

Majirani wakafika na ushauri. Mmoja mafuta ya taa, mwingine majivu, wa tatu akasema nikisugue kidole kwenye nywele. Mama watoto akanawisha pale mahali kwa sabuni na maji mengi, akafunga kitambaa kilicholowa maji ya barafu, akanikataza kukuna. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi. Maumivu makali yalipungua ndani ya saa moja, uvimbe ukakaa siku mbili. Angeniona nimevimba midomo au ninahema kwa shida, hapo ingekuwa safari ya hospitali, kwa sababu wako watu ambao miili yao haivumilii sumu ya mdudu.

Bwana Shamba hakuniuliza naumwa wapi. Aliuliza, "Umemwua?"

Nikamwambia kwa bahati mbaya nilimtupa akiwa mzima. Akashusha pumzi, akainama kumtafuta kwenye matandazo kama anayetafuta pete ya ndoa. Alipompata akamwingiza kwenye chupa ya jemu, akamgeuza kwa njiti, akaniita nione. Kidole kinawaka moto, mimi naitwa darasani.

Lakini niliona. Mdomo wa huyu si mrija wa kulala tumboni. Ni mfupi, mnene, umepinda kama ukucha wa paka, na ncha yake inaishia kwenye kijifereji chini ya kifua. Kichwa ni chembamba, kirefu, kimekaa juu ya shingo inayoonekana wazi, tofauti na yule wa ngao ambaye kichwa kimezama mabegani kama mtu anayepigwa na mvua. Ni mwindaji. Anamdunga mdudu mwenzake, anaingiza mate yanayoyeyusha nyama za ndani, kisha anakunywa supu na kuacha ganda. Mate hayohayo ndiyo yaliyoingia kwenye kidole changu. Hakuwa na nia ya kunila. Alibanwa akajitetea, nami ningefanya vivyo hivyo kama ningekuwa na mdomo wa aina ile.

Kisha Bwana Shamba akaokota kitu kingine pale chini, akanipulizia kiganjani. Kilikuwa kijani, chepesi kama pumba. Mdudu kunuka, amefyonzwa akabaki gamba. Yaani nilipombana yule mwekundu, alikuwa mezani akila adui yangu. Mimi ndiye niliyemvamia askari akiwa lindoni.

Sasa malalamiko yangu ni haya. Kwa nini hawakuvaa sare zinazoeleweka? Nilidhani angalau rangi itanisaidia: mwekundu anang'ata, wa kijani hang'ati. Wapi! Kwenye kabichi kuna wadogo weusi wenye madoa ya machungwa, wamepambwa kama kanga, na hawa ni wafyonza majani tu, hawadhuru chochote zaidi ya kabichi. Kuna yule mkubwa mweusi mwenye mapaja manene kama baunsa, anayenyausha ncha za kunde, sura yake ya kutisha kabisa, naye ni wa mimea. Halafu wapo wawindaji wa kijivu na kahawia ambao huwezi kuwaona mpaka wamekuona. Zaidi ya hapo, ndani ya ukoo wa ngao wenyewe wamo wachache walioacha mimea wakageukia viwavi, na hao midomo yao imenenepa. Ndiyo maana Bwana Shamba haangalii rangi wala mgongo. Anageuza kwa njiti, anaangalia mdomo: mwembamba uliolala chini ya mwili, au mnene uliopinda. Na watoto wa wawindaji wanadunga kama wazazi wao, kwa hiyo udogo si kibali.

Mpwa wangu, ambaye ana simu na muda, alinijia jioni akisema kwamba wadudu wa ukoo huu wanaleta ugonjwa wa moyo. Nusu kweli. Binamu zao wanaonyonya damu ya watu usiku wanaeneza ugonjwa wa Chagas huko Amerika ya Kusini na ya Kati, na hata huko vimelea hutoka kwenye kinyesi cha mdudu, si kwenye mdomo. Askari wa kunde hanywi damu ya mtu. Nikamrudishia simu yake.

Aliyenipa wasiwasi wa kweli ni wa minazini. Bwana Shamba alisubiri giza liingie ndipo akanisimulia, kama kawaida yake: ni mweusi, mkubwa karibu sentimita nne, ana madoa mawili mgongoni, anawinda wakati wa usiku na anamla hata chonga, yule kifaru anayetoboa vilele vya minazi. Kwa kazi hiyo ndugu zake waliwahi kuchukuliwa Zanzibar wakapelekwa India kulinda minazi ya watu. Huyo akichokozwa hangoji umshike. Anatema sumu, na inafika umbali wa rula ya shule. Ikiingia jichoni unaosha kwa maji safi mengi, bila kusugua, na unakwenda hospitali. Tangu jana taa ya barazani naizima mapema.

Ile chupa ya dawa niliyokuwa nimenunua kwa siri wiki ya kwanza nimeifungia stoo. Ingemwua anayenuka, ingemwua anayedunga, na vile vinyigu vya kwenye mayai meusi, kisha kundi jipya la wanaonuka lingeruka kutoka shamba la jirani na kukuta hakuna polisi.

Asubuhi hii nimerudi bustanini na glavu za mama watoto za kuoshea vyombo, rangi ya waridi. Mwekundu alikuwa palepale, kwenye mkunde wa tatu, ameshika mtu. Nikapiga hodi, nikaruka shina lake, nikaendelea na beseni langu. Nilipata kumi na saba. Niliporudi ndani mama watoto alizichukua glavu zake, akazinusa, akaniuliza tangu lini nimeanza kukata kotmiri bila kuombwa.